Mshale kati ya Cheti na Kipato

Kila mradi wa kuwapa vijana ujuzi una mchoro wake. Kushoto kuna fedha, walimu na cherehani. Katikati kuna vijana waliohitimu. Kulia kabisa kuna kipato bora na, kama nafasi imebaki kwenye karatasi, amani ya jamii. Visanduku hivyo vimeunganishwa kwa mishale. Kila kisanduku kina kiashiria, fungu la bajeti na ofisa wa kukitolea taarifa. Mshale hauna hata kimoja kati ya hivyo, ingawa ndio uliobeba hoja nzima.

Mchoro huo huitwa nadharia ya mabadiliko, na wazo lililouzaa lilikuwa zuri. Mwaka 1995 Carol Weiss, mtaalamu wa tathmini wa Marekani, alisisitiza kwamba kila programu ya kijamii imesimama juu ya nadharia fulani, hata kama wenyewe hawajaitamka. Kazi ya tathmini, kwa maoni yake, ni kuitoa nadharia hiyo hadharani hatua kwa hatua, ili mambo yakikwama ijulikane yamekwamia wapi. Siku hizi nadharia ya mabadiliko ni kiambatisho cha andiko la mradi, na mara nyingi huchorwa siku za mwisho kabla ya maombi kufungwa, bajeti ikiwa imeshakamilika. Nadharia iliyotungwa ili ifuate bajeti ina faida moja: haiisumbui bajeti.

Ukiutazama mshale kwa makini utaona unadai mambo mawili. Dai la kwanza ni kwamba hatua ya kushoto inaleta ya kulia: aliyejifunza kushona atashona, na anayeshona atalipwa. Dai la pili halionekani kwenye karatasi. Linasema kwamba bila mradi huo, hatua ya kulia isingetokea. Warsha za kupanga miradi hulijadili la kwanza kidogo, na la pili karibu zisiliguse. Ninavyoona mimi, fedha nyingi za ujuzi kwa vijana hupotelea kwenye hilo la pili.

Tuchukue mradi wa aina inayofahamika vizuri Tanzania. Namba zake nitazibuni, umbo lake nitaliacha kama lilivyo. Shirika linataka kuwafundisha vijana 200 wa wilaya moja kwa miezi 6. Nusu wajifunze ushonaji, nusu umeme wa majumbani. Watasoma katika chuo cha ufundi cha wilaya, watapewa nauli, watafanya mtihani, watapata cheti, na mwishoni kila mmoja atapewa vifaa vya kuanzia kazi. Kila anayeingia darasani anagharimu shilingi 1,000,000. Lengo ni vijana 200 wenye ajira au kipato cha kujitegemea.

Mshale wa kwanza unasema vijana walengwa watajiandikisha na kuingia darasani. Unaonekana mwepesi kwa sababu siku ya usajili foleni huwa ndefu. Ila foleni haikuambii nani amekaa kwenye foleni. Majina mengine yamefika kupitia ofisi ya mtaa, na ofisi ya mtaa ina watoto, wapwa na wakwe. Wengine wamevutwa na nauli, ambayo kwa kijana asiye na shughuli ni kipato cha hakika kuliko kile kilichoandikwa kwenye kisanduku cha mwisho. Kisha kuna umbali. Magharibi mwa Kenya, watafiti wakiwemo Michael Kremer na Edward Miguel waliendesha jaribio ambapo vijana zaidi ya 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu walipewa vocha ya kulipia mafunzo ya ufundi. Ada yote ililipiwa, na bado takriban mmoja kati ya wanne hakuingia chuoni. Waliopewa vocha ya kutumika popote walijiunga kwa wingi zaidi kuliko waliobanwa kwenye vyuo vya serikali peke yake, na sababu mojawapo ni kwamba chuo cha binafsi huenda kikawa jirani. Kumbe ada haikuwa kikwazo pekee, wakati mchoro ulikuwa na kisanduku kimoja tu cha vikwazo.

Kwa mradi wetu, tuseme 160 kati ya 200 wanaingia darasani. Kati yao 136 wanafika mwezi wa sita. Wanaopita mtihani ni 109, na nusu ya hao, yaani wapatao 54, wanaifanya kweli ile kazi waliyojifunza mwaka mmoja baadaye. Hakuna hatua hata moja hapo iliyofanya vibaya. Asilimia 80 walioingia, 85 waliomaliza na 80 waliofaulu ni namba ambazo meneja yeyote angezitaja kwenye taarifa yake bila aibu. Lakini mnyororo haujumlishi wala hauchukui wastani, unazidisha: 0.80 mara 0.85 mara 0.80 mara 0.50 ni 0.27. Robo na kidogo. Mchoro wenye mishale minne mizuri umekuletea 54 kati ya 200, na taarifa ya robo mwaka itaripoti asilimia 85 ya waliomaliza, kwa sababu ndiyo iliyopo kwenye jedwali la viashiria.

Sehemu ya kati ya mnyororo sitaikalia. Kama darasa lina mashine moja kwa wanafunzi watano, au umeme unafundishwa ubaoni, kila mtu analiona, na linatibika kwa fedha na usimamizi. Vyuo vyetu vina matatizo hayo, na wafadhili wanayapenda kwa kuwa yanapigika picha kabla na baada. Mshale mgumu ni ule unaotoka kwenye cheti kwenda kwenye kipato, na hauna tabia moja. Kwa fundi cherehani unasema jambo moja, kwa fundi umeme jingine.

Tuanze na cherehani. Mteja anayepeleka kitambaa kwa fundi haulizi cheti. Anaangalia gauni lililotundikwa mlangoni, anauliza bei, na zaidi ya yote anauliza itakuwa tayari lini, akijua kabisa atadanganywa. Katika soko la aina hii cheti hakifungui mlango wowote. Kinachofungua ni cherehani yenyewe, mahali pa kuiweka, kodi ya miezi ya mwanzo na wateja ambao si ndugu. Kwa hiyo mshale wa kweli kwa mshonaji hauanzii kwenye cheti, unaanzia kwenye vifaa vya kuanzia, vile ambavyo kwenye bajeti hukatwa kwanza fedha zikipungua. Dhana inayopaswa kuandikwa hapo si “wahitimu watajiajiri”. Iandikwe hivi: ndani ya miezi mitatu baada ya kuhitimu, nusu ya washonaji watakuwa wamelipwa na angalau wateja watano wasio ndugu zao. Sentensi hiyo inaweza kuwa ya uongo, na inaweza kugundulika kuwa ya uongo mapema, mradi ungali na fedha za kubadilisha kitu. Ile ya “watajiajiri” haiwezi kuwa ya uongo kamwe, kwani mtu aliyekaa barazani na cherehani iliyofunikwa naye amejiajiri.

Umeme una sura nyingine. Kijana aliyemaliza kozi anaweza kufunga waya nyumba nzima bila kosa, na bado asiweze kuikabidhi kazi hiyo kwa jina lake. Ombi la kuunganishiwa umeme kwa TANESCO linahitaji kazi ya waya iliyothibitishwa na mtu mwenye leseni ya kufunga mifumo ya umeme, na leseni hizo hutolewa na EWURA kwa madaraja, kulingana na elimu na uzoefu wa mwombaji. Mhitimu mpya atafanya kazi chini ya aliye na leseni, au atafanya peke yake halafu atafute muhuri wa kulipia. Kwa vyovyote sehemu ya malipo yake inakwenda kwa mwenye muhuri. Sheria haina kosa hapo, nyumba zinaungua. Kosa ni la mchoro uliochora mshale ulionyooka kutoka kwenye cheti hadi kwenye kipato, wakati katikati kuna mlango na mlinzi. Dhana hii haihitaji utafiti wa miaka. Inatosha kabla ya mradi kuanza kuhesabu watu wenye leseni katika wilaya, kuwatembelea na kuwauliza mambo mawili: mwaka uliopita mlichukua vijana wangapi, na mwaka huu mna nafasi ya wangapi. Kama jibu ni vijana 10 kwa wilaya nzima, darasa la mafundi umeme 100 limejibiwa kabla chaki haijashikwa.

Je, cheti hakina kazi basi? Kinayo, ila si mahali ambapo mchoro unaionyesha. Nchini Uganda, timu ya wachumi wakiwemo Oriana Bandiera na Imran Rasul ililinganisha njia mbili kwa vijana waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipelekwa vyuoni kwa miezi 6 katika fani kama ufundi wa magari, mabomba, ushonaji na saluni. Kundi jingine lilifundishwa kazini, mwenye karakana akilipwa ruzuku ili amchukue kijana. Mwanzoni waliofundishwa kazini walipata ajira haraka zaidi, jambo la kutarajiwa kwa kuwa walikuwa wameshaingia. Miaka ilipopita, waliopitia vyuoni waliwatangulia. Sababu waliyoiona watafiti inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufukuzwa kazi: karakana ikifungwa au ukigombana na bosi, aliyefundishwa chuoni ana ujuzi mpana na karatasi ya kuuthibitisha kwa bosi mwingine, na aliyefundishwa kazini ana neno lake tu. Kwa hiyo cheti kinasaidia zaidi katika kurudi kazini kuliko katika kupata kazi ya kwanza. Mradi unaopima kipato miezi 6 baada ya mahafali ungetangaza kwamba mafunzo ya kazini yameshinda, na ungekuwa umepima kwa uaminifu kabisa, kwa wakati usiofaa.

Jaribio hilo hilo lina tokeo jingine ambalo halikuwa kwenye mchoro wa mtu yeyote. Baadhi ya vijana waliunganishwa na waajiri ili waitwe kwenye usaili. Dhana ilikuwa kwamba kuunganishwa hakuwezi kudhuru. Kama hakutasaidia, basi hakuna kilichopotea. Waajiri wengi hawakuita. Vijana waliosubiri simu isiyokuja walikata tamaa, wakapunguza bidii ya kutafuta na kuelekeza macho kwenye kazi za chini. Wenzao waliofunzwa vilevile lakini hawakuahidiwa chochote walitafuta kwa matumaini zaidi. Hatua ya ziada iliyoongezwa kwa nia njema ilirudisha watu nyuma. Siku hizi nikiona kisanduku kilichoandikwa “kuwaunganisha vijana na soko la ajira”, nauliza kwanza waajiri wangapi wameahidi nini, na kwa maandishi.

Sasa turudi kwa wale 54 wanaofanya kazi, na kwa dai la pili, lile lisiloandikwa. Tuseme baada ya mwaka shirika linawapigia simu wahitimu na kugundua kwamba wana kazi, wakati kabla ya mafunzo karibu wote walikuwa hawana. Taarifa inaandikwa: kutoka sifuri hadi 54. Lakini nani huomba kuingia mradi wa ujuzi? Ni kijana ambaye mambo yake kwa wakati huo yamekwama. Mwanauchumi Orley Ashenfelter alilionyesha hili kwa takwimu za Marekani tangu 1978: watu huingia kwenye mafunzo pale kipato chao kinapokuwa kimeporomoka, na wengi wangeinuka tena hata bila mafunzo. Ukipima kabla na baada, unaihesabia programu yako ile ahueni ambayo ingekuja yenyewe. Kijana wa miaka 19 aliyekaa nyumbani mwaka huu, mwaka ujao atakuwa na miaka 20 na huenda anaendesha bodaboda ya mjomba wake, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kukaa nyumbani milele kwa chakula cha wengine.

Kwa hiyo tunahitaji wa kuwalinganisha nao. Mradi wetu una vijana 200 lakini waombaji, tuseme, ni 400. Wakichaguliwa kwa kura ya wazi, wale 200 waliokosa ndio kipimo. Watu wa miradi huogopa kura wakisema si haki, ingawa katika wilaya nyingi hiyo ingekuwa mara ya kwanza kwa nafasi za mradi kugawanywa kwa namna ambayo mwenyekiti hawezi kuiathiri. Tuseme baada ya mwaka, kati ya wale 200 waliokosa, 20 wamejipatia kazi ya ushonaji, umeme au kitu cha thamani sawa. Tuseme pia katika kundi letu hakuna mwenye kazi ya thamani hiyo nje ya wale 54. Tofauti ni 34. Tuliowasomesha ni 160 kwa shilingi 1,000,000 kila mmoja, yaani milioni 160. Kila kazi iliyotokana kweli na mradi imegharimu takriban milioni 4.7. Mfadhili aliambiwa milioni moja.

Nimeweka namba za kupendeza kwa makusudi. David McKenzie wa Benki ya Dunia, katika mapitio yake ya mwaka 2017 ya majaribio ya aina hii katika nchi zinazoendelea, aliona kwamba kwa wastani mafunzo ya ufundi yaliongeza ajira kwa takriban vijana 2 tu katika kila 100. Si kwamba vijana 98 walibaki bila kazi. Wengi wao walikuwa na kazi, na ndivyo ilivyokuwa kwa wenzao wasiofunzwa.

Ugumu mwingine uko kwenye simu yenyewe. Mwaka mmoja baada ya mahafali, ofisa tathmini ana orodha ya namba 109. Zinazopatikana ni 70, na wenye kazi kati ya waliopokea ni 49. Taarifa inasema asilimia 70. Lakini laini inayopatikana ni ya mtu mwenye uwezo wa kuichaji na kuitunza, na sababu ya kupokea namba ngeni. Ukichukulia kwamba wale 39 wasiopatikana hawana kazi, asilimia inashuka hadi 45. Ukweli uko mahali fulani kati ya hizo mbili, na taarifa iliyo makini inataja zote. Kinachoweza kuziba pengo hilo ni jambo la kawaida kabisa: kuchukua tangu siku ya usajili namba za watu watatu wasiohama, yaani mama, jirani na mwenye duka la mtaani, kisha kuweka kwenye bajeti nauli ya kuwafuata wasiopatikana. Fungu hilo huitwa anasa, na hukatwa likifuatana na vifaa vya kuanzia.

Hata ile tofauti ya 34 haijamaliza maswali. Kata yenye mafundi cherehani wanane ikiongezewa ishirini, nguo zinazoshonwa haziongezeki kwa sababu mafunzo yametolewa. Sare za shule zina msimu wake, sikukuu zina msimu wake, na miezi mingine mitumba ndiyo inayovalisha watu. Mhitimu anayepata wateja anaweza kuwa amewachukua kutoka kwa mama aliyekuwa akishona pale miaka kumi. Kwenye mchoro kijana ameajiriwa. Yule mama hayumo kwenye mchoro. Jambo hili lilipimwa Ufaransa na Esther Duflo na wenzake, matokeo yakatoka mwaka 2013. Waligawa kwa bahati nasibu maeneo 235 ya soko la ajira, na waliona kwamba vijana waliosaidiwa kutafuta kazi walifanikiwa kwa sehemu kubwa kwa kuwapita wenzao ambao hawakusaidiwa, hasa pale ajira zilipokuwa haba. Wilayani kwetu hatuhitaji maeneo 235. Wahesabiwe mafundi wa kata kabla ya mradi, waulizwe wanashona nguo ngapi kwa wiki, kisha waulizwe tena baada ya mwaka. Wao wenyewe watakueleza, na bila kupunguza makali.

Mshale wa mwisho unatoka kwenye kipato kwenda kwenye “maisha bora ya kudumu”. Kesi yake nzuri kuliko zote ninazozijua iko kaskazini mwa Uganda. Serikali ilikaribisha makundi ya vijana yaandike maombi ya fedha za kujifunza ufundi na kununua vifaa. Kati ya makundi 535 yaliyofaa, 265 yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Mwaka 2008 yalipewa fedha zilizofikia karibu dola 400 kwa kila kijana, bila msimamizi wa kuwafuata nyuma. Walitumia kiasi kwenye mafunzo, na sehemu kubwa kwenye vifaa na malighafi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya fedha angetabiri pombe. Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez walirudi baada ya miaka minne wakakuta mali za biashara za vijana hao zimezidi za wenzao waliokosa kwa asilimia 57, na kipato kwa asilimia 38. Nusu yao walikuwa wakifanya kazi za ufundi. Kile kisanduku cha pembeni, cha amani ya jamii, nacho kilipimwa: hapakuonekana tofauti yoyote katika utangamano, tabia za vurugu au maandamano. Kijana mwenye kipato alikuwa na kipato, basi.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa ya ushindi. Watafiti walirudi tena baada ya miaka 9. Waliopewa fedha hawakuwa wameanguka, lakini uwekezaji wao ulikuwa umesimama pale ulipofika. Wale waliokosa walikuwa wamepanda polepole, kwa biashara ndogo na vibarua, mpaka wakawafikia. Kipato, ajira na matumizi ya makundi mawili yalikuwa yamelingana. Kilichobaki kama tofauti ni mali, na kwamba waliopewa walikuwa wakifanya kazi za ufundi zaidi.

Tokeo hilo linafundisha mengi kuhusu mishale, kwa sababu linatenganisha madai mawili ambayo michoro huyachanganya. Mradi unaweza kumfikisha kijana mapema mahali ambapo angefika mwenyewe akichelewa. Au unaweza kumfikisha mahali ambapo asingefika kabisa. Fedha za Uganda zilifanya la kwanza. Si jambo dogo: miaka kadhaa ya kipato kilichozidi, katika umri ambao mtu anaoa na kuzaa, ni fedha halisi zilizoliwa na watoto halisi. Ukiijumlisha tofauti hiyo mwaka kwa mwaka, huenda ikarudisha gharama. Lakini ni hesabu tofauti kabisa na ya kumtoa mtu kwenye umaskini, na inahitaji uulize swali jingine: kizuizi cha kijana huyu ni nini? Kama ni mtaji wa kuanzia, anaweza kuukusanya mwenyewe kidogo kidogo, na mradi unamwokolea muda. Kama ni ukubwa wa soko la wilaya, leseni au barabara, basi hata wenzake wasiosaidiwa watakwama pale pale, na darasa halitawasogeza.

Swali hilo lina uzito wa pekee Tanzania, ambapo halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa mradi wetu, mikopo hiyo kwa kawaida hutajwa kwenye mshale kama mahali ambapo wahitimu “watapata mitaji”. Dhana hiyo iliwahi kupimwa na matukio. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili kurekebisha utaratibu wake, na mwaka uliofuata ikaurejesha. Mradi ambao wahitimu wake walitoka katikati ya kipindi hicho ulikuwa na mshale unaoelekea kwenye dirisha lililofungwa, na mtu pekee aliyekuwa na wajibu wa kulijua hilo ni yule aliyeandika, kwenye safu ya mwisho ya jedwali, maneno “hali ya sera itaendelea kuwa nzuri”.

Kwa mradi wetu wa vijana 200, basi, ningeuandika upya mchoro kuanzia kulia. Kisanduku cha mwisho kisomeke hivi: miaka miwili baada ya mafunzo, waliochaguliwa kwa kura wanapata kwa mwezi kiasi kinachowazidi waliokosa, na ziada hiyo ikijumlishwa inafidia gharama yao. Darasa la umeme lipunguzwe hadi idadi ambayo wenye leseni wa wilaya wamekubali kuichukua, kwa majina. Fedha zinazookolewa ziende kwenye cherehani na kodi ya miezi mitatu ya kibanda. Kuwe na tarehe moja, mwezi wa tisa tangu mradi uanze, ambapo ile dhana ya wateja watano wasio ndugu inasomwa mbele ya mfadhili. Iwe imeandikwa tangu mwanzo kwamba waliofikisha wateja hao wakiwa chini ya robo ya wahitimu, awamu ya pili ya ushonaji haitafunguliwa katika kata hiyo. Kipengele hicho cha mwisho ndicho nitakachoombwa kukiondoa, na nitaombwa kwa upole, kwa sababu awamu ya pili ina mishahara ya watu ambao tayari wamehamia wilayani.